Kuhamisha seva si kubadilisha jina lake

Jina la mwenyeji ni neno ambalo kompyuta moja hulitumia kuifikia nyingine bila kutaja anwani yake ya namba. Neno mwenyeji lenyewe ni mwenye mji, na ndiyo maana linafaa: mtu akihama Mtwara kwenda Lindi jina lake analibeba, kinachobadilika ni mahali pa kumpata. Hata hivyo, mara nyingi mafundi wetu, baada ya kuhamisha seva, husema "nimeshabadilisha jina", ilhali walichobadilisha ni anwani, tena katika faili moja tu.

Faili la `/etc/hosts` ni mrithi wa orodha ya majina ya mtandao wa ARPANET, iliyotumika kabla ya DNS kubuniwa mwaka 1983, na karibu kila programu iliyo kwenye kompyuta hiyo hulisoma. SSH ilikuja mwaka 1995, na neno `Host` ndani ya `~/.ssh/config` ni lakabu inayojulikana na SSH peke yake, kwa mtumiaji mwenye faili hilo. Anwani halisi huandikwa kwenye `HostName`. Kwa hiyo `ping` haiijui lakabu hiyo, wala `pg_dump -h` haiijui.

Niliwahi kushuhudia madhara yake. Seva iitwayo `korosho` ilihamishwa kutoka Mtwara, ilikokuwa na anwani 10.10.1.5, ikajengwa upya Lindi kwa anwani 10.20.1.5. Fundi alirekebisha `HostName` katika faili lake, akaingia kwa `ssh korosho`, akaridhika. Lakini skripti ya kunakili data usiku iliendeshwa na `cron` kwa jina la root, na root hasomi faili la mtumiaji mwingine. Kwa kukosa lakabu, SSH ililipeleka neno `korosho` kwenye `/etc/hosts`, ambako anwani ya zamani ilikuwa bado imeandikwa. Kwa kuwa mashine ya Mtwara ilikuwa haijazimwa, nakala ziliendelea kwenda huko kila usiku bila kosa lolote kuonekana kwenye kumbukumbu. Ingekuwa imezimwa, skripti ingeshindwa usiku wa kwanza na tatizo lingejulikana asubuhi.

Jambo hili lingegunduliwa kwa kuuliza kama root, si kama wewe:

```
sudo ssh -G korosho | grep '^hostname '
getent hosts korosho
```

Amri ya kwanza ikijibu `hostname korosho`, root hana lakabu. Ya pili ndiyo itakayoonyesha anwani anayoifuata. Ukisharekebisha, SSH huenda ikaonya kwamba ufunguo wa seva umebadilika, kwa sababu mashine ni mpya. Linganisha alama ya ufunguo na ile iliyosomwa kwenye seva yenyewe kabla ya kuondoa wa zamani kwa `ssh-keygen -R korosho`, nalo hilo hufanywa kwa kila mtumiaji.

Basi, ndugu fundi, ukimaliza kazi kama hii, usiandike "jina limebadilishwa". Andika kwamba anwani ya `korosho` imerekebishwa, katika faili gani, kwenye kompyuta ipi na kwa mtumiaji yupi.