Lachi na flipflopu: D ni ileile, mbona Q zinatofautiana?

Wanafunzi wangu wa elektroniki hapa Kampala huniuliza swali moja kila tunapofika kwenye saketi za kumbukumbu: "Mwalimu, lachi na flipflopu zote zinahifadhi biti moja, kwa nini tujisumbue na mbili?" Huwa nawachorea mawimbi haya na kuwapa penseli. CLK ni mawimbi ya saa, D ni ingizo na Q ni tokeo. Kila alama ni mikrosekunde 1, na Q inaanza ikiwa 0.

```
CLK __________¯¯¯¯¯¯¯¯¯¯__________¯¯¯¯¯¯¯¯¯¯__________
D   ____¯¯¯¯¯¯¯¯¯___¯¯¯¯¯¯¯¯__________¯¯¯_____________
```

Chora Q ya lachi inayofunguka CLK ikiwa juu, kisha Q ya flipflopu inayoitikia ukingo wa kupanda. Tusihesabu kwanza ucheleweshaji wa geti.

Tuanze na lachi. CLK inapanda kwenye 10 na kukuta D iko juu, basi Q inapanda. Mlango bado uko wazi, kwa hiyo D inaposhuka kwenye 13 Q inashuka nayo, na D inaporudi juu kwenye 16 Q inarudi nayo. Kwenye 20 lachi inajifunga ikiwa na 1. D inashuka kwenye 24 lakini Q haijali. Kwenye 30 lachi inafunguka, inakuta 0, Q inashuka. Kisha D inaruka juu kati ya 34 na 37, na Q inaruka nayo. Jumla Q imebadilika mara sita.

Flipflopu inaitazama D kwenye 10 na kwenye 30 tu. Kwenye 10 inakuta 1, kwenye 30 inakuta 0. Q imebadilika mara mbili, na ule mruko wa 34 hadi 37 haukuonekana kabisa. Anayekosea swali hili kwa kawaida huishusha Q ya flipflopu kwenye 20, akidhani CLK ikishuka Q nayo lazima ishuke.

Sasa tuingie ndani ya geti. Lachi ya D inatosha kwenye chipu moja ya 74HC00, yenye NAND nne:

```
A = NAND(D, E)
B = NAND(A, E)
Q = NAND(A, P)
P = NAND(B, Q)
```

E ni ingizo linalofungua lachi, ndipo CLK inapoingia. E ikiwa 0, A na B zote ni 1, na zile NAND mbili za chini zinabaki zikishikiliana hali zilizokuwa nazo. E ikiwa 1, A ni kinyume cha D na B ni sawa na D, hivyo Q inaifuata D muda wote huo. P ni kinyume cha Q.

Ili kupata flipflopu, panga lachi mbili, Q ya kwanza iingie kwenye D ya pili. Ya pili ipe CLK moja kwa moja, ya kwanza ipe CLK iliyopinduliwa na geti ya NOT. Rudi kwenye mchoro: lachi ya kwanza inaifuata D wakati CLK iko chini, inajifunga kwenye 10 ikiwa na 1, na hapohapo ya pili inafunguka na kuitoa hiyo 1. D ikishuka kwenye 13 inakuta lachi ya kwanza imefungwa. Ukingo, kwa hiyo, si kifaa cha pekee. Ni wakati ambapo mlango mmoja unafungwa na wa pili unafunguliwa.

Lakini geti ya NOT nayo inachelewa, kwa 74HC kwenye volti 5 ni takriban nanosekunde 10. Kwa muda huo mfupi baada ya ukingo, lachi ya pili imeshafunguka na ya kwanza haijafunga. D ikibadilika hapo, thamani mpya inaweza kupenya hadi Q. Ndiyo maana D lazima itulie kidogo hata baada ya ukingo, na pia kabla yake, ili lachi ya kwanza ipate nafasi ya kukaa sawa kabla ya kufungwa. Ukiona kwenye osiloskopu kwamba Q mara inachukua thamani ya zamani mara mpya, ikuze picha karibu na ukingo uone D inabadilika lini.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, unganisha P kwenye D. Flipflopu itageuka mara moja kwa kila mpigo, yaani itagawa masafa ya CLK kwa mbili. Lachi haitafanya hivyo: E ikiwa juu, kila Q inapogeuka D nayo inageuka na kuigeuza tena. Mpigo wa mikrosekunde 1 tu unatosha kwa mageuko makumi, na thamani itakayobaki E ikishuka huwezi kuitabiri. Kaunta haijengwi kwa lachi moja moja kwa sababu hiyo.