Mahari uliyotoa haifutiki kwa kukosa cheti cha ndoa

"Mke wa kwanza nilimtolea mahari tu kwao, hatukuandikisha popote, tukaachana. Sasa namuoa Mjerumani. Kwenye fomu najaza sijawahi kuoa, sivyo?"

Hapana. Wengi hudhani cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa, ambacho Mkenya huombwa anapooa nje ya nchi, kinaangalia tu kama jina lako limo kwenye daftari la Msajili wa Ndoa. Fomu ya kukiomba haiulizi hilo. Pamoja na majina yako, ya wazazi na ya mchumba, inauliza hali yako ya ndoa: hujaoa, umetalikiwa au umefiwa? Jibu unaliapia mbele ya kamishna wa viapo.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani au ya serikali. Kutoiandikisha hakuifuti, na kuachana kwa kurudi kila mtu kwao si talaka. Kibaya zaidi, aliye kwenye ndoa inayoruhusu wake wengi haruhusiwi kufunga ya mke mmoja, na Ujerumani hamtafunga ndoa ila hiyo ya mke mmoja.

Kwa hiyo anza mahakamani: omba ndoa ile ivunjwe, mke wa kwanza apewe habari, usubiri amri ya mwisho ya talaka. Hapo ndipo unapojaza "nimetalikiwa" na kuambatisha amri hiyo. Inachelewesha harusi, najua, lakini shemeji mmoja mwenye picha za siku ya mahari anatosha kukutia kwenye kesi ya kiapo cha uongo.