Kamisheni ya ngazi: asilimia 3 haishuki kula bei nzima

Kamisheni ya ngazi ni malipo ya dalali ambayo asilimia yake hubadilika kadiri bei ya kiwanja inavyopanda. Bei hukatwa mafungu, na kila fungu lina asilimia yake. Maana yake ni hiyo tu. Shida iko kwenye kuihesabu, na hapo ndipo wauzaji wa viwanja nchini Uganda, kuanzia Wakiso hadi Jinja, wanapowanyima madalali haki yao, wengine kwa nia njema kabisa.

Tuchukue kiwanja cha futi 50 kwa 100 pale Mukono, yaani kama desimali 11 na nusu. Mwenye ardhi na dalali wameandikiana hivi: asilimia 10 kwa shilingi milioni 50 za kwanza, asilimia 5 kwa sehemu ya bei inayozidi milioni 50 hadi milioni 100, na asilimia 3 kwa sehemu inayozidi milioni 100. Kiwanja kikauzwa milioni 120. Mwenye ardhi anaangalia karatasi, anaona milioni 120 imeangukia ngazi ya tatu, anapiga asilimia 3 ya milioni 120 na kuhesabu milioni 3.6. Dalali anakataa pesa, sauti zinapanda, mwenyekiti wa baraza la mtaa, LC1, anaitwa kuamua jambo ambalo kalikuleta ya simu ingelimaliza.

Hesabu yenyewe inaanzia chini. Milioni 50 za kwanza zinampa dalali milioni 5. Milioni 50 zinazofuata, kwa asilimia 5, zinampa milioni 2.5. Zimebaki milioni 20, na hizo peke yake ndizo zinazoguswa na asilimia 3, yaani shilingi 600,000. Jumla ni milioni 8.1, ambayo ukiigawanya kwa bei nzima unapata asilimia 6.75. Asilimia hiyo haikuandikwa mahali popote kwenye makubaliano, na ndiyo maana inawashtua watu.

Anayebisha atazame hati yake ya mshahara. Ngazi ya kodi ya URA ya asilimia 30 huanza kwenye mshahara unaozidi shilingi 410,000 kwa mwezi, lakini hakuna anayekatwa asilimia 30 ya zile 235,000 za mwanzo, kwa sababu hizo hazitozwi kabisa. Mfanyakazi anayekubali hesabu hiyo mwisho wa mwezi ndiye huyo huyo anayeikataa akiwa anauza ardhi ya baba yake!

Tena hesabu ya mkato inamuumiza muuzaji mwenyewe. Ukimlipa dalali asilimia ya ngazi ambayo bei imefikia kwa bei nzima, kiwanja kikiuzwa milioni 50 anapata milioni 5, na kikiuzwa milioni 51 anapata milioni 2.55. Umemwambia kwamba akikuongezea milioni moja atapoteza karibu milioni mbili na nusu. Mnunuzi akifika na milioni 55 mkononi, dalali huyo ana kila sababu ya kumnong'oneza kwamba mwenye ardhi atakubali 50. Na akiwa mjanja zaidi, atakuambia wewe 50, amtoze mnunuzi 55, kisha tano ya katikati aiweke mfukoni kama cha juu. Cha juu si kamisheni. Kamisheni hutoka kwenye bei ambayo muuzaji anaijua na ameikubali.

Bei hiyo ni ile waliyokubaliana muuzaji na mnunuzi. Mthamini wa serikali anaweza kukikadiria kiwanja hicho hicho milioni 140 ili mnunuzi atozwe ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1.5. Makadirio hayo hayamhusu dalali. Vivyo hivyo, walioandika milioni 80 kwenye mkataba huku 120 zikibadilisha mikono wasishangae wakidaiwa kamisheni ya 120.

Kuna jambo moja la kuwatetea wauzaji. Si kila mkataba wenye viwango vitatu tofauti vya asilimia ni wa ngazi kwa maana hii. Pale palipoandikwa "bei ikizidi milioni 100, kamisheni ni asilimia 3 ya bei yote", basi ni milioni 3.6 na dalali hana la kudai zaidi, hata kama mpango wenyewe ni wa kijinga. Mara nyingi, lakini, karatasi husema tu "zaidi ya milioni 100: asilimia 3", na kila upande unasoma unachokitaka. Kwa hiyo ndugu muuzaji, kabla dalali hajaleta mnunuzi wa kwanza, badala ya "zaidi ya milioni 100" andika "kwa sehemu inayozidi milioni 100". Na bei ikivuka milioni 100, anza na milioni 7.5, kisha ongeza asilimia 3 ya kilichozidi.