“Nitakucheki mama”: dhana potofu kuhusu kumkatalia mteja kazi

Nina chumba cha kazi Mwanjelwa, hapa Mbeya, ambako nabuni lebo, mabango na kadi. Kila mwaka Julai ikifika simu huanza kuita mfululizo, maana maonesho ya Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale yanakaribia na kila mwenye bidhaa anataka ionekane ya dukani. Ni mwezi wa kupokea kazi nyingi. Ni mwezi wa kukataa nyingi pia, na hapo ndipo nimewahi kuharibu.

Nitatumia simu moja tu kama mfano. Mama mmoja wa Mlowo, Mbozi, anakaanga na kusaga kahawa ya shambani kwake na kuifunga kwenye mifuko ya gramu 250. Alitaka lebo ya mbele na nyuma, pamoja na tovuti ambayo mtu wa Dar anaweza kuagizia na kulipa kwa simu. Alikuwa na shilingi 150,000 na wiki tatu. Lebo naiweza, ila si kwa hela hiyo. Tovuti ya kupokea malipo siijui kabisa.

Dhana: Kusema “nitakucheki” ni heshima kuliko kusema hapana

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na imetuingia kwa malezi mema. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mzima “sitaki”. Kwa hiyo tunasema “ngoja niangalie ratiba,” “tutaona,” “niko bize kidogo, nitakucheki.” Sisi tunaamini tumekataa, na mteja anaamini yuko kwenye foleni.

Miaka ya nyuma nilimfanyia hivyo mzee mmoja wa Tukuyu mwenye asali. Bei yake ilikuwa ndogo, nikaona aibu kumwambia. Nilimzungusha siku 9, kila akipiga nasema nitamcheki. Agosti nilimkuta kwenye maonesho. Chupa zake zilikuwa na vikaratasi alivyochapisha kwenye duka la fotokopi na kukata kwa mkasi, asali imechuruzika juu yake na wino umevuja, jina la bidhaa halisomeki. Alinisalimia vizuri tu, akanionjesha. Hajanipigia tena mpaka leo, na simlaumu. Kama ningemwambia siku ya kwanza kwamba bei hiyo haitoshi, angekuwa na siku 9 za kutafuta mtu mwingine.

Ukweli ni kwamba mteja mwenye tarehe haumizwi sana na neno hapana. Kinachomuumiza ni siku zilizoliwa kabla ya kulisikia. Mimi sasa nimejiwekea saa 24, na zikipita bila jibu najua nimeshaanza kumdanganya.

Kuna maneno matatu yanayofanya kazi ileile ya “nitakucheki” bila sisi kujua. “Kwa sasa siwezi” linasikika kama subiri wiki ijayo. “Labda” linasikika kama ongeza hela kidogo. “Nitajitahidi” ndilo baya zaidi, kwa sababu kwa Kiswahili chetu hiyo ni ndiyo kamili, na mtu anaondoka anashukuru.

Dhana: Mtajie bei kubwa, atakimbia mwenyewe

Tunaiita bei ya kufukuzia. Ina kasoro mbili. Ya kwanza, anaweza kuikubali, na sasa umeshikwa na kazi usiyoiweza kwa hela uliyoitaja mwenyewe. Ya pili ni ya mji wetu: bei inasafiri bila maelezo yake. Hatasema “alinitajia milioni kwa sababu hajui tovuti,” atasema “yule kijana wa Mwanjelwa ni milioni.” Mwenye lebo ya kawaida atasikia hivyo na hatapiga simu.

Bei ya kweli inapatikana kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi. Siku yangu moja ya kazi naihesabu 40,000. Lebo ya yule mama ilihitaji siku 1 ya kwenda Mlowo kupima mfuko na kukubaliana maneno, siku 2 za kubuni, siku 1 ya marekebisho na nusu siku ya kusimama kwa mchapaji. Hizo ni siku 4 na nusu, yaani 180,000. Weka nauli 15,000 na sampuli za kuchapa 25,000, inafika 220,000 kabla hata karatasi za kuuzia hazijachapwa. Ukishakuwa na namba hiyo huna haja ya kutisha mtu. Unaisema ilivyo.

Dhana: Ili usimpoteze, punguza bei

Ukishusha kutoka 220,000 hadi 150,000 kwa kazi ileile, zile 70,000 zitatoka mahali. Zitatoka kwenye marekebisho utakayokwepa, au kwenye sampuli utakayoruka, halafu mama aletewe mifuko 500 yenye kosa la tahajia. Na mwakani, 150,000 ndiyo bei yako.

Punguza kazi, bei itashuka yenyewe. Asiponilipia safari bali akatuma mfuko mtupu kwa basi, inatoka siku moja na nauli, inabaki 165,000. Akiacha lebo ya nyuma kwanza, nusu siku inatoka, inabaki 145,000. Hapo nimefika kwenye hela yake bila kujipunja, na yeye anaona kwa macho kilichoondoka.

Upande wa ujuzi hakuna kupunguza. Ukurasa wenye picha na maelezo ningeweza kuuokoteza usiku kwa usiku. Lakini malipo ya simu yanahitaji akaunti ya mfanyabiashara, kuunganishwa na mfumo wa kampuni ya simu au ya malipo, na mtu wa kuamka pale hela ya mteja wa Dar inapokatwa na oda isionekane. Mtu huyo si mimi.

Dhana: Lazima uwe na sababu nzito

Mtu anazusha msiba, au mtoto kulazwa, ili tu asiseme kazi haimfai. Mbeya ni ndogo. Jioni hiyohiyo mtakutana kwenye daladala ya Uyole, na wewe mwenye msiba umevaa jezi. Sababu mbili zinatosha na zote ni za kweli: si fani yangu, au hela hiyo haitoshi kwa kazi hiyo. Sentensi moja. Ukijieleza kwa sentensi tano, mteja anaanza kuzijibu moja moja, na sasa mnajadiliana.

Huu ndio ujumbe niliomwandikia kesho yake asubuhi, baada ya kumpigia kwanza. Mtu wa rika la mama yangu sianzi kumkatalia kwa maandishi. Napiga, nasema, kisha naandika ili namba zibaki kwenye simu yake na aweze kumwonyesha mwanaye.

> Shikamoo mama. Habari za Mlowo na za mavuno? Nashukuru sana kwa kunifikiria na kahawa yako.
>
> Mama, kazi yote kwa pamoja sitaiweza. Tovuti ya kupokea malipo si fani yangu, na sitaki nijifunzie kwenye hela za wateja wako. Kuna kijana hapa mjini anafanya kazi hiyo, nimemuuliza na amekubali nikupe namba yake. Bei mtapatana wenyewe, mimi simo.
>
> Lebo ndiyo kazi yangu. Mbele na nyuma, na mimi kuja Mlowo, ni 220,000 bila gharama ya kuchapa. Ukitaka ya mbele tu, na ukinitumia mfuko mtupu kwa basi, ni 145,000. Nikipata jibu lako kufikia Jumatatu itawahi Nanenane. Ikipita Jumatatu, kwa maonesho ya mwaka huu haitawahi.
>
> Isipokuwa sasa, basi siku utakapopata namba za bakodi niandikie, tutaanzia hapo. Asante mama, msalimie mzee.

Neno “sitaiweza” liko mwanzo wa aya ya pili. Halikuja kabla ya salamu, kwa sababu kwetu ujumbe usio na salamu ni ugomvi. Halikufichwa mwishoni pia, kwa sababu wengi husoma ujumbe mrefu nusu tu. Hakuna “samahani” hata moja, na si kwa kiburi: ukiomba msamaha mara tatu mtu anaanza kutafuta kosa lako ni lipi.

Dhana: “Karibu tena” inatosha kuacha mlango wazi

“Karibu tena” hata mwenye duka anamwambia mtu ambaye hakununua kitu. Haimwambii mteja arudi lini wala akiwa na nini. Mlango ulio wazi una kizingiti kinachoonekana, na kwa yule mama kizingiti kilikuwa bakodi. Maduka makubwa mengi hayapokei bidhaa isiyo nayo. Namba zake haziwezi kubuniwa na mimi: mwenye bidhaa anasajiliwa GS1 Tanzania, wanaotoa namba hizo, na zinaanza na 620. (Nimeshaombwa zaidi ya mara moja ninakili bakodi ya paketi nyingine ya dukani. Mashine ya keshia itasoma bidhaa ya mwenzako, na bei yake.) Nilijua kwamba bila namba hizo lebo ya nyuma ingerudiwa hata kama angeilipia leo. Kwa hiyo nikampa hiyo kama alama ya kurudi.

Dhana: Ukimtaja mwenzako, umemgawia mkate wako

Kazi usiyoiweza haikuwa mkate wako. Ila muulize mwenzako kabla ya kutoa namba yake, na usimsifie kupita unavyomjua. Akivurunda, lawama itarudi kwenye jina lililomtaja.

Jambo moja zaidi, kwa waliokwisha pokea advansi kisha wakagundua kazi haiwafai: hela itangulie ujumbe. Rudisha yote pamoja na gharama ya kutuma, halafu andika. Maneno mazuri bila hela yanasomeka kama dalili za kutoroka.

Mama wa Mlowo alijibu mchana: “Marahaba baba. Ahsante kuniambia mapema. Lebo tuache kwanza, hela nitampa huyo wa mtandao.” Nanenane ilipita bila mimi kuiona kahawa yake. Mwishoni mwa Oktoba kondakta wa Kosta alinipigia nikachukue bahasha stendi. Ndani kulikuwa na mfuko mtupu wa gramu 250, unaonukia bado, na karatasi ya daftari yenye tarakimu 13 zinazoanza na 620.