Mapaja ya kuku ya kikaangoni na ovenini: dhana potofu na ukweli wake

Jumapili moja hapa Lubumbashi nilipakua mapaja manne ya kuku, ngozi imekauka inalia chini ya kisu. Yaya yangu akafungua lake, akaona wekundu karibu na mfupa, akasukuma sahani. "Hii kuku haiyaiva, iko na damu. Rudisha ku moto." Mimi nilikuwa nimepima: 83°C. Tulibishana mpaka bukari ikapoa. Tangu siku ile nimeona kwamba karibu kila mtu ana sheria zake za kuku, na nyingi zinaharibu paja.

Dhana: kikaango kiwe cha moto sana, mafuta yatoe moshi, ndipo uweke ngozi.

Hii ndiyo inayoharibu zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Ngozi ya paja ina maji na ina mafuta mengi chini yake. Ili iwe kavu hadi ndani, maji lazima yaondoke na mafuta yayeyuke, na kazi hiyo inataka muda. Ukiitupa kwenye chuma chenye moshi, uso unakuwa kahawia kwa dakika tatu, lakini chini yake mafuta yamebaki meupe, yanateleza mdomoni kama mpira. Tena ngozi inajikunja ghafla, katikati inanyanyuka na haigusi chuma kabisa.

Mimi naanza na kikaango kizito cha chuma kikiwa baridi. Mapaja manne yenye mfupa, kila moja kama gramu 200, nayapanga ngozi chini, bila mafuta au kwa kijiko kidogo tu cha kupaka. Kisha nawasha moto wa kati. Kwa dakika tatu au nne husikii kitu. Halafu sauti inaanza, na inapaswa kubaki ya kuchirizika kwa utulivu. Mafuta yakiruka mpaka ukutani, punguza moto. Juu ya nyama naweka sufuria ndogo yenye maji kidogo ndani kwa dakika tano za mwanzo, ili ngozi ilale yote kwenye chuma. Baada ya hapo naiondoa, maana ikibaki inafungia mvuke.

Kwa jumla ni dakika 12 hadi 15 upande huo mmoja. Mwishoni utakuta vijiko vitatu au vinne vya mafuta ya kuku kikaangoni. Yamimine kwenye kikombe: sombe ya kesho yake itakushukuru.

Kama unatumia mbabula, tandaza makaa yawe safu moja tu na usubiri yafunikwe na majivu. Makaa yanayowaka kwa ndimi za moto yatakurudisha kwenye kosa lile lile.

Dhana: likiganda, ligeuze upesi kabla halijaungua.

Likiganda, ngozi bado ina maji. Ikikauka na kuwa kahawia, inajiachia yenyewe. Jaribu pembe moja kwa koleo kwenye dakika ya kumi. Ikikataa, iache dakika mbili nyingine. Ukilazimisha, ngozi inabaki kwenye chuma na wewe unabaki na nyama tupu.

Dhana: kukaanga kwanza kunaziba nyama ili maji yasitoke.

Ile sauti ya kuchirizika yenyewe ni maji yanayotoka. Hakuna kinachozibwa. Tunakaanga kwa ajili ya ladha na ngozi, basi. Kinachoamua ubichi au ukavu wa ndani ni joto la ndani.

Dhana: 74°C ndiyo kuiva, ukipita hapo paja linakauka.

Hapa wanaojua kipimo ndio wanaokosea. 74°C ni kipimo cha usalama: joto hilo linaua vijidudu kama salmonela mara moja. Kwa kifua ni kweli, ukizidisha hapo kinakuwa kama makapi. Lakini paja ni msuli uliotembea, umejaa nyuzi ngumu na utando. Utando huo unahitaji joto zaidi na muda kidogo ili ulainike na kugeuka kuwa ule utelezi mtamu unaonata vidoleni. Paja la 74°C ni salama ila linavutana menoni, hasa karibu na kifundo. Kati ya 80 na 85°C linaachia mfupa, na mafuta yake ya ndani yanalizuia lisikauke.

Oveni ndiyo inafanya sehemu hii. Iwe imekwisha kupata moto wa 220°C kabla hujatoka kikaangoni. Oveni nyingi za huku zina namba badala ya digrii. Kwenye zile za mtindo wa Kifaransa, kila namba ni takriban digrii 30, kwa hiyo weka kati ya 7 na 8. Geuza mapaja ngozi iangalie juu, usifunike, usimwage mchuzi juu yake. Mfuniko au mchuzi vitailowesha ngozi uliyoihangaikia robo saa. Dakika 10 hadi 14 zinatosha. Ingiza kipima joto sehemu nene kabisa bila kugusa mfupa, kwa sababu mfupa unadanganya. Huna kipima joto? Choma kwa njiti karibu na kifundo: iingie bila kusukuma, na mfupa ukiutikisa ulegee.

Kikaango chenye mshiko wa plastiki hakiingii ovenini. Hamishia mapaja kwenye sinia la chuma lililopashwa moto humo humo. Na kile chenye mshiko wa chuma, kikitoka, funika mshiko kwa kitambaa na ukiache hapo. Nina alama kiganjani ya kuusahau.

Dhana: wekundu kwenye mfupa ni damu, kuku ni mbichi.

Turudi kwa yaya. Kuku wa kisasa wanachinjwa wakiwa wadogo, mifupa yao bado ina matundu matundu. Rangi ya uboho inapenya na kuchafua nyama iliyo jirani, na kugandishwa kunazidisha hali hiyo. Mapaja mengi tunayonunua hapa yalikuwa barafu. Rangi ile inaweza kubaki hata nyama ikipita 80°C. Kinyume chake pia ni kweli: kuna nyama inayoonekana nyeupe na haijafika joto la usalama. Rangi si kipimo.

Dhana: kuku lazima aoshwe kwa maji na ndimu kwanza.

Maji yanarusha vijidudu kwenye sinki, ubao na mboga; moto ndio unaoviua. Tena unailowesha ngozi, na ngozi iliyolowa haipiti joto la maji kuchemka, ambalo kwa mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi ni kama 96°C. Rangi ya kahawia inataka zaidi ya 140°C. Kwa hiyo yeyusha barafu ndani ya friji usiku mzima, futa kwa karatasi, tia chumvi, uache bila kufunika saa chache humo humo. Soma pakiti kwanza: mapaja mengine yameingizwa maji ya chumvi kiwandani, hayo yapunguzie.

Umeme ukikatika oveni ikiwa katikati, rudisha kikaango kwenye mbabula yenye makaa machache, ngozi juu, funika kwa mfuniko wa chuma na uweke makaa juu ya mfuniko, kama wanaooka keki. Acha upenyo mdogo mvuke utoke. Mara ya mwisho ilinichukua dakika 20.