Akili na urithi: ile asilimia 60 ni ya nani?

Nimesoma kwamba akili hurithiwa kwa asilimia 60. Je, asilimia 60 ya akili ya mwanangu imetoka kwangu na kwa babake? (Mama, Nakuru)

Hapana, wala kiwango hicho hakimhusu mtoto yeyote mmoja. Watafiti huwapa watu wengi majaribio ya akili, wakaona alama zao zinatofautiana, kisha wakakadiria ni sehemu gani ya tofauti hizo inayoendana na tofauti za jeni. Asilimia 60 ni sifa ya kundi lililopimwa, katika mazingira yake na wakati wake. Akili ya mtoto mmoja haigawanyiki hivyo, kama vile huwezi kutenga gunia la mahindi na kusema debe hizi zimeletwa na mbegu na zile na mvua.

Wanaipataje hiyo hesabu?

Mara nyingi kwa mapacha. Tuseme alama za mapacha wa kufanana zina uwiano wa 0.8, yaani kipimo cha jinsi alama za pacha mmoja zinavyoendana na za mwenzake, ambapo 1 ni kuendana kabisa na 0 ni kutoendana, na za wasiofanana 0.5. Tofauti yake, 0.3, huzidishwa mara mbili, kwa kuwa mapacha wasiofanana hushiriki kwa wastani nusu tu ya jeni zinazotofautisha watu. Ndipo tunapata 0.6. Hesabu hii huchukulia kwamba aina zote mbili za mapacha hulelewa kwa usawa uleule, na dhana hiyo ikiyumba, jibu nalo huyumba.

Basi kundi moja likipata alama za chini kuliko jingine, si ni jeni?

Hapa ndipo wengi hupotea, na madhara yake kwa watoto wetu ni makubwa. Chukua mfuko mmoja wa mbegu mchanganyiko za mahindi, uzipande katika mashamba mawili ya Kakamega. Shamba la kwanza lina mbolea kila shimo. La pili limechoka na limejaa kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi. Ndani ya kila shamba udongo ni uleule, kwa hiyo mmea mrefu unaupita mfupi kwa sababu ya mbegu, na kiwango cha urithi kiko juu katika mashamba yote mawili. Hata hivyo, pengo kati ya shamba na shamba limeletwa lote na udongo. Mwanajenetiki Richard Lewontin alieleza hoja ya namna hii mwaka 1970.

Kenya tunao ushahidi wa karibu. Watoto wa Embu waliopimwa mwaka 1998 walipata alama za juu sana kuliko wenzao waliopimwa mwaka 1984. Jeni za jamii hazibadiliki kiasi hicho kwa miaka 14. Watafiti walitaja lishe na afya bora zaidi ya watoto, pamoja na elimu ya wazazi.