Idadi ya mabati huanzia kwenye mteremko wa paa

Katika ukaguzi wa nyumba, kosa ninaloliona mara nyingi ni mabati kuhesabiwa kwa eneo la usawa badala ya mteremko. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 7, paa la mgongo wa tembo. Paa linatokeza sentimita 60 kwenye upenu na sentimita 50 kila upande wenye pembetatu. Ukilitazama kutoka juu, lina mita 11 kwa 8.2. Gawa kwa bati la mita 3 lenye upana wa sentimita 90, utapata mabati 34. Hesabu hiyo itakuangusha.

Kutoka upenuni hadi chini ya kilele ni mita 4.1 kwa usawa. Kilele kikiwa juu ya upenu kwa mita 1.5, mteremko wenyewe ni kipeuo cha pili cha (4.1 × 4.1 + 1.5 × 1.5), yaani mita 4.37. Ongeza sentimita 5 za bati kuvuka ubao wa upenu ili maji yadondokee mbali na mbao: 4.42.

Hapa ndipo pana mtego. Bati zima na nusu bati, zikipandana sentimita 20, hufunika mita 4.3. Kwa kipimo cha usawa zinatosha. Kwa mteremko zinapungua sentimita 12. Fundi akishafika juu hulazimika kuila ile sehemu ya kupandana ibaki sentimita 8, na mvua ya upepo hupanda humo. Baadaye utaona mistari ya unyevu kwenye dari, sambamba na kilele, katikati ya mteremko.

Kwa upana, laza mabati mawili chini, moja lipande jingine mgongo mmoja na nusu, kisha pima. Tuseme yamepandana sentimita 12: kila bati linafunika 78. Mabati 14 yanafunika 14 × 78 + 12, yaani mita 11.04. Ziada ni sentimita 4 tu, kwa hiyo fundi anyooshe kamba tangu bati la kwanza.

Ukibaki na upenu wa sentimita 60, kila mteremko unahitaji mabati 14 ya mita 3 na 14 ya mita 2. Kwa miteremko yote miwili ni 28 na 28. Mimi ningepunguza upenu hadi sentimita 45, pembe ya mteremko ikibaki ileile. Mteremko pamoja na zile 5 unakuwa mita 4.26, na bati na nusu vinatosha: 14 mazima na 7 ya kukata kila upande, jumla 42. Lakini kama ukuta ni wa tofali za udongo, usiupunguze upenu. Unaukinga na mvua.

Kofia za kilele za mita 2 zikipandana sentimita 15, agiza 6. Kabla ya kulipa, simamisha kenchi moja na uvute futi kamba juu ya mbao yake, toka kileleni hadi ncha ya upenu. Kipimo hicho ndicho uende nacho dukani.